Pipa la barafu baada ya vyuma: linasaidia au linazuia msuli kukua?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi nafanya vyuma hapa Dar, nina miaka 26 na kilo 78. Kila nikimaliza siku ya miguu, Jumanne na Ijumaa, naingia kwenye pipa la lita 200 lenye maji na barafu kilo kumi ninazonunua mtaani, nakaa robo saa. Nina miezi mitano sasa. Maumivu ya kesho yake yameisha kabisa, wala sichechemei tena. Ila paja lilikuwa sentimita 56, leo ni 56 na nusu. Skwati ni kilo 80, seti tatu za marudio nane, sijabadilisha tangu nianze. Jamaa mmoja jimu anasema barafu inaua msuli, mwingine anasema bila barafu nisingeweza miguu mara mbili kwa wiki. Nani mkweli? Desemba kuna mashindano ya kunyanyua, nataka kushiriki.*

Marahaba. Hao jamaa zako kila mmoja ameshika upande wake wa jambo moja, na bahati mbaya pipa lako halimpi haki hata mmoja wao. Nitafika kwenye pipa baadaye. Tuanze na yule anayesema barafu inaua msuli, maana yeye ndiye ana ushahidi mzito zaidi, ingawa neno "inaua" amelikuza.

Mwaka 2015 watafiti wa Australia, kazi yao ikifanyikia Brisbane, walichapisha jaribio ambalo mpaka leo ndilo linalotajwa kwanza kila mjadala huu unapoanza. Waliwachukua wanaume 21 waliozoea mazoezi, wakawafanyisha mazoezi ya nguvu ya miguu mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Kila kipindi kikiisha, kundi moja liliingia kwenye maji ya nyuzi 10 kwa dakika kumi, maji yakifika kiunoni. Kundi la pili lilipanda baiskeli ya mazoezi na kuzungusha taratibu kwa dakika kumi hizo hizo. Vyuma vilikuwa vilevile na wiki zilezile, tofauti ikabaki kwenye hizo dakika kumi za mwisho.

Mwisho wa wiki 12 misuli ya mbele ya paja kwa waliozungusha baiskeli ilikuwa imeongezeka kwa wastani wa gramu 300 hivi, na kwa walioingia kwenye maji kama gramu 100. Walipochukua vipande vidogo vya msuli kwa sindano na kuvipima, zile nyuzi nene zinazofanya kazi ya nguvu na kasi zilikuwa zimenenepa kwa asilimia 17 kwenye kundi la baiskeli. Kwenye kundi la maji baridi hazikuonyesha ongezeko la kuaminika. Nguvu nayo iliongezeka pande zote mbili, ila waliokaa mbali na baridi walipata zaidi.

Hapo ndipo neno "kuua" linapokosea. Hakuna kundi lililopungua. Walioingia kwenye maji baridi walikua, ila kidogo. Kwa mtu anayefanya mazoezi ya kujiweka sawa, hasara hiyo huenda hata asiione. Kwa mtu anayetaka paja linenepe, ni kulipia mazoezi bei kamili na kuchukua nusu ya mzigo.

Ukiuliza baridi inafanyaje hivyo, wengi jimu watakujibu kwamba barafu inazima uvimbe wa ndani unaotokana na mazoezi, na uvimbe huo ndio unaoujenga msuli. Maelezo hayo yanaingia akilini upesi, lakini watafiti wa timu hiyohiyo waliyajaribu wakayakuta hayasimami. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya vipande vya msuli vilivyochukuliwa kwa nyakati tofauti hadi saa 48 baada ya vyuma, wakilinganisha maji baridi na baiskeli taratibu. Seli za uvimbe na kemikali zake ndani ya msuli zilikuwa sawa pande zote mbili. Basi ngozi inapoa, mtu anahisi ametulia, lakini huko ndani kazi ya uvimbe inaendelea kama kawaida.

Kinachoonekana kubadilika ni ujenzi wenyewe. Msuli ukishachoshwa na chuma, kwa siku moja hadi mbili unakuwa na njaa ya protini. Damu inaongezeka, ishara za ujenzi ndani ya seli zinawaka, na seli za akiba zilizolala pembezoni mwa nyuzi za msuli zinaamka ili kuchangia viini vipya. Katika lile jaribio la Brisbane, sehemu yake ya pili iliangalia saa 48 za mwanzo, ikakuta baridi imepunguza ishara hizo na idadi ya seli za akiba zilizoamka. Mishipa ya damu imejibana, joto la msuli limeshuka, na kila kitu kinachotegemea damu na joto kinakwenda polepole wakati uleule ambapo kingetakiwa kwenda mbio.

Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliliweka jambo hili wazi zaidi mwaka 2020 kwa njia ninayoipenda kwa sababu haina pa kukwepea. Vijana 12 walifanya vyuma vya miguu, kisha wakakaa dakika 20 mguu mmoja ukiwa kwenye maji ya nyuzi 8 na mguu mwingine kwenye maji ya nyuzi 30. Mwili ni mmoja, chakula ni kilekile, usingizi uleule, homoni zilezile. Huwezi kusema huyu alikula vizuri kuliko yule. Wakanywa protini iliyotiwa alama ili ifuatiliwe inaishia wapi. Mguu uliopozwa uliingiza sehemu ndogo zaidi ya protini hiyo kwenye msuli. Wakaendelea hivyo kwa wiki mbili, na mguu wa nyuzi 30 ukawa unajenga protini mpya kwa kiwango cha asilimia 1.67 kwa siku, ule wa baridi asilimia 1.48. Tofauti ya siku moja ni ndogo. Ijumlishe kwa miezi, utaelewa zile gramu za Brisbane zilipotelea wapi.

Shika hiyo namba 30, tutaihitaji.

Sasa yule jamaa wa pili. Naye hajatunga. Mapitio makubwa ya mtandao wa watafiti wa afya uitwao Cochrane yaliyotoka mwaka 2012 yalikusanya majaribio madogo 17 yenye watu 366, na yakaonyesha kwamba kuingia kwenye maji baridi kunapunguza maumivu ya misuli kati ya siku ya kwanza na ya nne, ukilinganisha na kukaa tu bila kufanya kitu. Na timu ileile ya Australia, mwaka mmoja kabla ya lile jaribio lao maarufu, ilikuwa imeonyesha kwamba watu walioingia kwenye maji ya nyuzi 10 baada ya vyuma waliweza, saa sita baadaye, kunyanyua mzigo mkubwa zaidi kwa jumla katika seti nyingi mfululizo kuliko walipojipumzisha kwa baiskeli.

Watu husoma haya mawili wakadhani wataalamu wanagongana. Hawagongani. Moja linauliza utaweza nini leo jioni, lingine linauliza utakuwa nani baada ya miezi mitatu, na majibu yake yanaweza kwenda kinyume. Mchezaji wa raga kwenye Safari Sevens pale Nairobi anacheza mechi zaidi ya moja kwa siku, na kesho yake anarudi uwanjani. Wikendi ile hajengi paja, anatumia lile alilolijenga mwezi mzima. Huyo mpe maji baridi, tena kwa moyo mweupe. Wewe Jumanne unajenga, na mtihani wako unaofuata uko Ijumaa. Siku tatu zinatosha kabisa msuli wa kijana wa miaka 26 kurudi wenyewe, mradi anakula na kulala.

Lipo pia jambo la imani, na sitalidharau maana lina nguvu. Mwaka 2014 watafiti wa Melbourne waliwapa watu mazoezi makali ya kasi, halafu wakawaingiza baadhi kwenye maji ya nyuzi 10 na wengine kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35. Kundi la tatu liliingia kwenye uvuguvugu uleule, ila mbele ya macho yao maji yakatiwa kitu walichoambiwa ni mafuta maalumu ya kurudisha nguvu, yanayofanya kazi sawa na barafu. Kwa kweli ilikuwa sabuni ya kuogea. Waliodanganywa walirudisha nguvu za miguu sawasawa na wa maji baridi, na kuwashinda wale wa uvuguvugu mtupu. Kwa hiyo sehemu ya kile unachokihisi ukitoka kwenye pipa inatoka kichwani. Hilo si tusi, ni nguvu halisi iliyopimwa kwa mashine.

Turudi kwenye pipa lako, maana hapo ndipo penye mkasa wenyewe.

Lita 200 ni ujazo wa pipa tupu. Ukiingia mtu wa kilo 78 na kuzama mpaka kifuani bila maji kumwagika yote, ndani mna maji kama lita 150. Maji ya bomba au ya simtanki Dar yanakuja na nyuzi 28 hivi, mchana wa jua hata zaidi. Barafu kilo kumi ikiyeyuka yote humo, maji yanashuka mpaka nyuzi 21 tu. Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya kilojuli 334, kisha ule ubaridi uliobaki unanyonya kilojuli nyingine 4 na kidogo kwa kila nyuzi moja yanayopanda maji yake, wakati lita 150 zinahitaji kunyang'anywa kilojuli 627 ili zishuke nyuzi moja. Na hapo sijamhesabu mtu mwenye joto la nyuzi 37 aliyetoka kwenye skwati akaingia humo. Ukimweka naye, kufikia dakika ya kumi na tano maji yanaelekea 22.

Ili ufike nyuzi 10, zile walizotumia Brisbane, ungehitaji barafu kilo 30 kwa kila kipindi. Mara mbili kwa wiki ni kilo 60. Piga hesabu ya bei ya mtaani kwako uone kama mkoba unakubali.

Kwa hiyo miezi mitano yote hii hukuwa ukifanya kile kilichowapunguzia misuli watu wa Brisbane wala Maastricht. Kwenye maji ya nyuzi 21 unatetemeka kidogo mwanzoni kwa sababu umezoea joto la pwani, ngozi inapoa, lakini msuli wa paja ulioko ndani ya sentimita kadhaa za nyama unashuka joto kidogo sana ukilinganisha na maji ya nyuzi 8 au 10. Madhara yaliyopimwa yalipimwa kwenye baridi kali. Siwezi kulibebesha pipa lako lawama ya paja kutokua, kama ambavyo siwezi kulipa sifa ya kukuondolea maumivu.

Basi maumivu yaliondolewa na nini? Na mazoezi yenyewe. Msuli ukifanyishwa kazi ileile, uzito uleule, wiki baada ya wiki, unajizatiti. Mara ya kwanza unaumia siku tatu, mara ya pili maumivu yanapungua sana, na baada ya wiki chache hayapo. Hali hii inajulikana vizuri katika elimu ya mwili, na inamtokea kila mtu, awe na barafu au hana. Wewe ulianza pipa na skwati za kilo 80 karibu wakati mmoja, maumivu yakaisha, pipa likapokea shukrani.

Na hapa ndipo ninapolazimika kukueleza jambo ambalo hukuuliza. Kilo 80, seti tatu, marudio nane, miezi mitano bila kubadilisha. Kutoumia kabisa kwako ni dalili ileile ya paja kusimama: mwili umeshaizoea kazi hiyo, hauoni sababu ya kuongeza nyama. Zaidi ya hapo, seti tatu mara mbili kwa wiki ni seti sita za paja. Tafiti zilizolinganisha wingi wa kazi zinaonyesha watu wanaofikisha seti kumi au zaidi kwa wiki kwa kila kundi la misuli hukua zaidi kuliko wanaobaki chini. Ongeza zoezi la pili la miguu, kwa mfano kusukuma sahani ya mashine kwa miguu au skwati ya mguu mmoja mbele, seti mbili au tatu kila kipindi. Na skwati ipandishe kilo mbili na nusu kila unapomaliza seti zote tatu za nane kwa umbo safi, bila goti kuingia ndani na bila mgongo kuinama.

Hiyo nusu sentimita nayo usiishangilie wala usiililie. Mkono uleule ukipima paja lilelile mara tatu kwa futi ya fundi cherehani, mara nyingi utapata tofauti ya nusu sentimita. Pima hivi: simama uzito ukiwa sawa kwenye miguu yote miwili, tafuta katikati ya mkunjo wa kinena na ukingo wa juu wa kifuniko cha goti, weka alama kwa kalamu, andika ni sentimita ngapi kutoka kwenye goti ili mwezi ujao upate palepale. Pima asubuhi kabla hujafanya mazoezi, mara tatu, chukua namba ya katikati. Usipime kesho yake baada ya miguu, maana msuli uliofanyishwa kazi nzito hujaa maji kwa siku moja mbili na utajidanganya umekua. Jumanne asubuhi ndiyo siku yako, ukiwa umepumzika tangu Ijumaa. Mara moja kila wiki nne inatosha.

Chakula sitakaa nacho sana. Kwa kilo 78 unayejenga, lenga protini gramu 125 hivi kwa siku, ambazo ni kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Yai moja lina gramu sita, kwa hiyo mayai mawili ya asubuhi na sahani ya wali wenye maharage mchana hayakufikishi hata nusu. Dagaa, samaki, maziwa na nyama lazima viingie kila siku, si kila Jumapili. Mtu asiyefikisha hapo kisha akabishana kuhusu barafu anahangaika na senti akiwa ameacha noti mezani.

Sasa nikupangie kuelekea Desemba. Kuanzia leo mpaka wiki moja kabla ya mashindano, acha barafu baada ya vyuma. Iache hata ya nyuzi 21, si kwa sababu imethibitika kukudhuru bali kwa sababu haikupi chochote, na siku ukipata freza ya jirani ukaanza kumwaga kilo 30 utakuwa umejiingiza kwenye ile hasara ya kweli bila kujua. Baada ya mazoezi oga maji ya bomba kama kila mtu. Unakumbuka ule mguu wa Maastricht uliojenga vizuri? Ulikuwa kwenye maji ya nyuzi 30. Maji ya bomba ya Dar yako karibu na hapo kabisa, kwa hiyo usiogope kwamba kuoga kunakupunguzia kitu. Hili nalisema kwa sababu nimeshawakuta vijana wanaokaa na jasho saa nzima wakidhani hata kuoga ni barafu.

Wengine hujaribu ujanja wa kusubiri saa nne au sita kisha ndio waingie kwenye baridi. Una mantiki yake kidogo, kwani saa za mwanzo zina moto zaidi. Lakini ujenzi unaendelea siku moja hadi mbili, na baridi ya jioni inaukuta msuli bado kazini. Vivyo hivyo, usijifariji kwamba leo nimefanya kifua basi naweza kukaa kwenye barafu mpaka kiunoni. Kama jana ilikuwa siku ya miguu, miguu hiyo bado inajengwa. Ukitaka maji baridi kwa raha yako tu, yaweke siku ambayo miguu imeshapumzika siku mbili, au asubuhi kabla ya mazoezi ukiacha saa kadhaa za kupata joto tena.

Wiki ya mashindano mambo yanageuka. Hujengi tena, unatunza. Mizigo umeshaipunguza, kwa hiyo hata uchovu wa kupoza hautakuwepo mwingi, lakini kama mguu umechoka na unapenda pipa, ingia bila wasiwasi: nyuzi 10 hadi 15, dakika kumi, basi. Usiingie siku yenyewe kati ya skwati na zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Msuli uliopozwa unajikaza polepole na unatoa nguvu kidogo, na hali hiyo inaendelea kwa muda baada ya kutoka majini. Kati ya mizunguko vaa suruali nene, tembeatembea, kunywa maji. Joto ndilo rafiki yako hapo.

Kuna mtu mmoja ambaye ningemwambia afanye kinyume na haya yote, naye ni aliyezidiwa na joto. Akianguka jimu au uwanjani, anaongea maneno yasiyoeleweka, mwili unawaka, huyo maji ya barafu ni dawa ya kuokoa maisha, na apozwe palepale huku gari likitafutwa. Hapo hatuzungumzi misuli tena.

Na kabla hujarudi kwenye pipa wiki ya Desemba, jiulize maswali mawili. Je, una presha au tatizo lolote la moyo? Dakika ya kwanza kwenye maji ya nyuzi 10 pumzi inakatika, moyo unaruka, presha inapanda ghafla. Ndiyo maana hakuna anayepaswa kuingia peke yake, hata mzima. Je, una siko seli, au ndugu wa tumbo moja mwenye siko seli nawe hujawahi kupima? Baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu makali kwa mgonjwa wa siko seli, na pwani yetu hii ugonjwa huo si mgeni. Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, pipa liuzwe, na kipimo cha siko seli kifanyike hospitali kabla ya mashindano.

Ukiingia, nunua kipimajoto, hata kile cha plastiki cha kupimia maji ya kumwogeshea mtoto. Koroga maji kwanza kwa mkono, maana ya chini na ya juu hayafanani, pima katikati ya kina. Bila hicho utaendelea kukisia, na mtu aliyezoea joto la Dar anakisia vibaya: maji ya nyuzi 21 anayaita barafu.